Chupa Moja kwa Siku: Kutunza Ngozi Hosteli Maji Yakiwa ya Mgao

Anayepanga hosteli Chang'ombe, Kijitonyama, Mbagala au Tegeta hupewa kitanda cha deka, nusu ya kabati na sehemu ya kuweka ndoo. Bafu ni la watu wengi na foleni yake ndefu. Maji hutoka yakitaka. Wakati huohuo, ushauri wa ngozi anaokutana nao kwenye simu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye bafu lake, rafu yake na bomba lisilokatika. Anaambiwa anunue sabuni ya uso, tona, seramu mbili, skrabu, maski ya udongo, krimu ya usiku na krimu ya mchana. Bumu likiingia ananunua. Mwezi wa pili skrabu imekauka, maski haijaguswa, na chunusi ziko palepale.

Tatizo si uvivu wala bei tu. Skrabu inataka kusuuzwa, maski inataka kusuuzwa kwa maji mengi zaidi, na sabuni kali inataka kusuuzwa mpaka iishe kabisa. Aliyechagua vitu kwanza ndipo akatafuta maji atakwama siku ya kwanza bomba likikauka. Njia inayodumu ni kuanza upande wa pili: pima maji unayoweza kuwa nayo hata wiki mbaya, halafu chagua vitu vinavyotosha ndani ya kipimo hicho. Ukifanya hivyo, suala la nafasi nalo linakwisha lenyewe, kwa sababu vinavyobaki ni vichache.

Kipimo: lita moja na nusu

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwishoni mwa 2022 mvua zilipochelewa na mto ukapungua, DAWASA ilitangaza mgao wa maji, na mitaa mingi ikakaa siku kadhaa bila tone. Hata mwaka wenye mvua nzuri, hosteli hutegemea simtanki la juu, nalo huweza kuisha kabla ya saa mbili asubuhi wote wakishaoga. Kwa hiyo usipange kwa kuangalia siku bomba linapotoka. Panga kwa kuangalia siku ya nne ya ukame.

Kwa uso peke yake, chupa moja ya maji ya dukani ya lita moja na nusu inatosha siku nzima: lita moja jioni, nusu lita asubuhi. Chupa tano zilizojazwa na kusimamishwa chini ya kitanda cha deka ni akiba ya siku tano, na hazichukui nafasi kubwa kuliko jozi mbili za viatu. Chukua kizibo kimoja cha ziada, pasha sindano moto, kitoboe matundu manne madogo. Chupa iliyohifadhiwa hufungwa kwa kizibo kizima. Unayoitumia ifunge kwa kile chenye matundu. Ukiminya, maji hutoka kama mvua nyembamba na kufika pale unapotaka. Ukichota kwa kopo, nusu ya maji huteremka kwenye viwiko bila kugusa sabuni iliyo usoni.

Chupa iliyofungwa ina faida nyingine. Ndoo iliyoachwa wazi chumbani ni mazalio ya mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, na Dar iliwahi kupata mlipuko mkubwa wa dengi mwaka 2019. Yai hufika kuwa mbu mpevu kwa kiasi cha wiki moja na siku chache kwenye joto letu. Funika ndoo ya kuogea, na kila wiki isugue kuta za ndani kabla ya kujaza upya, maana mayai hunata ukutani juu kidogo ya mstari wa maji.

Maji ya boza au ya kisima yakiwa na tope, yaache yatulie usiku kucha, mimina sehemu safi taratibu kupitia kitambaa, kisha weka kidonge cha kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji haya yatafika machoni na kwenye vidonda vya chunusi, hivyo yasiwe machafu kuliko ambayo ungekubali kusukutulia.

Vitu vinne tu

Kanuni ya kuchagua ni hii: kwa siku moja, ruhusu kitu kimoja tu kinachohitaji kusuuzwa. Vingine vyote viwe vya kupaka na kuacha. Kwa kanuni hiyo mfuko unabaki na vitu vinne.

Cha kwanza ni sabuni laini ya uso ya maji au ya jeli. Sabuni ya kipande, hasa ya kufulia, ina ukali wa alikali unaofika kipimo cha pH 9 au 10, ilhali ngozi hukaa karibu na 5. Kwa mwenye maji mengi madhara yake hupungua kwa kusuuza sana. Kwa mwenye lita moja, mabaki yake hubaki taya na shingo na kuwasha. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya ngozi nyeti, isiyo na harufu kali wala chembe za kusugulia. Povu dogo ni sifa nzuri hapa, kwa kuwa kinachotoa povu kidogo huondoka kwa maji kidogo.

Cha pili ni losheni nyepesi yenye gliserini. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, hivyo kwa uso wengi hawahitaji krimu nzito. Mafuta ya nazi yaache kwa nywele na chakula: usoni huziba vitundu vya ngozi kwa watu wengi wenye chunusi. Mafuta ya mgando, kikopo kidogo kabisa, yabaki kwa midomo, visigino na viwiko.

Cha tatu ni sanskrini ya SPF 30 au zaidi. Dar iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni kali karibu mwaka mzima. Wenye ngozi nyeusi husikia mara nyingi kwamba hawaihitaji. Ni kweli kwamba hatari ya saratani ya ngozi kwao ni ndogo, lakini madoa meusi yanayoachwa na chunusi hukolea na kuchelewa kufutika yakipigwa na jua. Anayelalamikia madoa ndiye anayeihitaji kuliko mwingine. Kwa mwenye ualbino hili si suala la urembo hata kidogo. Ni kinga dhidi ya saratani, na hospitali ya KCMC Moshi inatengeneza sanskrini iitwayo Kilisun mahususi kwa ajili hiyo, inayogawiwa bure kupitia kliniki. Uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe kabla ya kununua.

Cha nne ni dawa moja, na ni kwa mwenye tatizo tu. Kwa chunusi za kawaida, anza na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, au 5 ukikosa hiyo. Kiwango cha asilimia 10 hakiponyi zaidi, kinachoongezeka ni kuwasha na kukauka. Ukiwa famasia sema wazi: "Dada, naomba ya kupaka na kuacha, si ya kuoshea." Zipo aina zote mbili, na ya kuoshea itakudai maji usiyokuwa nayo.

Tona, skrabu, maski na seramu ya vitamini C viache dukani. Vitamini C hasa huharibika upesi kwenye joto na mwanga. Ukiona imegeuka rangi ya chai iliyokolea, imekwisha nguvu.

Jioni: lita moja, hatua kwa hatua

Kazi kubwa hufanyika jioni, kwa sababu uso umebeba jasho, vumbi la barabarani na sanskrini. Andaa kitambaa cha pamba. Kanga iliyochakaa ni bora kuliko taulo dogo kwa kuwa hukauka haraka. Kata vipande kumi vya ukubwa wa viganja viwili. Kanga moja inatoa hivyo na kubaki.

Nawa mikono kwanza. Paka sabuni ya uso, kiasi cha punje ya haragwe, kwenye uso mkavu. Wengi hulowesha uso kwanza, lakini sabuni ya jeli hushika mafuta ya sanskrini vizuri zaidi kabla ya maji kuingia. Sugua kwa ncha za vidole bila nguvu huku ukihesabu polepole hadi 40, kisha ongeza matone machache ya maji na uendelee kidogo.

Sasa mimina robo lita, yaani kama kikombe kimoja cha chai, kwenye kitambaa, na upanguse povu kwa kugusa, si kwa kukwangua. Kitambaa ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya sabuni. Robo tatu ya lita iliyobaki inakuja kumalizia tu. Inamia juu ya beseni na uminye chupa kuanzia kwenye mstari wa nywele, kisha pembeni mwa pua, chini ya taya na nyuma ya masikio. Maji yanayoanguka kwenye beseni ni ya miguu. Yasimwagwe.

Utajuaje kama umesuuza vya kutosha? Pitisha kidole chini ya taya. Kikiteleza, sabuni bado ipo. Ukingoja dakika kumi na uso ukavuta kama unabanwa, ama sabuni ni kali au mabaki yamebaki. Vipele vidogo vinavyojipanga taya na shingoni, huku katikati ya uso pakiwa safi, mara nyingi ni dalili ya kusuuza nusu nusu.

Usiku usio wa dawa, paka losheni uso ukiwa bado na unyevu, kiasi cha njegere mbili. Usiku wa dawa, acha uso ukauke kabisa kama dakika kumi, paka benzoili peroksaidi safu nyembamba eneo lote linalotoka chunusi, kisha losheni juu yake. Kuipaka juu ya chunusi moja moja ni kosa la kawaida, maana kazi yake kubwa ni kuzuia zinazokuja. Anza usiku mmoja kupaka, mmoja kupumzika, kwa wiki mbili. Ngozi ikivumilia, paka kila usiku. Matokeo ya kweli huonekana baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, kwa hiyo usiihukumu kabla ya mitihani ya katikati ya muhula kupita.

Dawa hii inachujua vitambaa. Itaacha mabaka meupe kwenye foronya, taulo na kanga ya kulalia, na hosteli wanakolala wawili kitanda kimoja, ule utaratibu wa kubebana, itachujua na shuka la mwenzako. Tumia foronya nyeupe, na ingoje ikauke kabla ya kulala.

Asubuhi: nusu lita na sanskrini

Asubuhi uso haujabeba vumbi, umelala tu. Hauhitaji sabuni. Lowesha kitambaa kipya kwa sehemu ya nusu lita, pangusa uso na shingo, tumia maji yaliyobaki kusuuzia kitambaa, na kazi imekwisha. Mwenye ngozi ya mafuta sana atahisi kama hajanawa. Ajaribu wiki mbili kabla ya kukataa, kwa sababu wengi wanaoosha kwa sabuni kali mara tatu kwa siku huishia na uso uliokauka na kuwasha huku ukiendelea kung'aa kwa mafuta.

Kisha sanskrini. Kamua mstari mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, toka chini hadi nchani: hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Kwa kipimo hicho tyubu ya mililita 50 huisha kabla ya mwezi kwa wengi. Ikikufikisha mwisho wa muhula, unapaka kidogo sana kuliko inavyotakiwa na kinga unayoipata si ile iliyoandikwa. Kama gharama ya kununua tyubu kwa kasi hiyo haiwezekani, usinyunyize kidogo kidogo kila siku. Iweke kwa siku za kutembea juani, na siku nyingine tegemea mwavuli au kofia pana. Siku za mazoezi ya nje au za kungoja daladala mchana, kausha jasho kwa leso na urudie kupaka baada ya saa mbili. Hakuna haja ya kunawa kwanza.

Ikiwa jioni unapaka dawa ya mbu, hiyo iwe ya mwisho juu ya vingine vyote, na uoshe mikono kabla ya kugusa macho.

Maji ya chumvi yana masharti yake

Sehemu nyingi za Temeke na Kigamboni hutumia visima, na baadhi vina maji ya chumvi au maji magumu. Ni mambo mawili tofauti. Maji ya chumvi utayajua kwa ulimi. Maji magumu utayajua kwa sabuni ya kipande: haitoi povu, na beseni linabaki na utepe wa ukoko mweupe. Ukoko huo ni chokaa ya majini iliyoungana na sabuni, na hunata kwenye ngozi vilevile kama unavyonata kwenye beseni. Ndiyo sababu mtu huhama kutoka kwao akiwa na ngozi nzuri, akafika hosteli, akaanza kuwashwa miguu na mikono bila kubadilisha sabuni.

Dawa yake si kuongeza sabuni. Sabuni za maji zisizo za kipande haziungani na chokaa kwa namna hiyo, hivyo kwenye kisima kigumu zinafaa zaidi, hata mwilini. Kuchemsha maji huondoa sehemu ya ugumu, na utaona unga mweupe chini ya sufuria; lakini chumvi haitoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo zile chupa tano zijaze maji ya bomba yanapotoka, na maji ya kisima yaende kwenye kuogea na kufulia. Wakati wa masika na vuli, kinga maji ya mvua baada ya dakika za mwanzo kusafisha bati. Maji ya mvua ni laini kuliko ya kisima chochote, na sabuni kidogo tu hutoa povu.

Mfuko mmoja, na mipaka na wenzako

Vitu vinne na kikopo cha mafuta huingia kwenye mfuko mmoja wa zipu wa ukubwa wa daftari. Utundike upande wa kichwani wa deka au uweke chini ya kitanda, karibu na sakafu. Chumba chini ya bati hupata joto sana mchana, na hewa ya moto hupanda: kitanda cha juu na rafu ya dirishani ndizo sehemu mbaya kuliko zote. Losheni iliyojitenga maji na mafuta, iliyobadilika harufu, au sanskrini yenye mabonge, itupe. Nyuma ya kopo kuna mchoro wa kikopo wazi wenye namba kama 6M au 12M, ambayo ni idadi ya miezi ya kutumia tangu kufungua. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino usiofutika.

Nunua tyubu au chupa ya pampu badala ya kopo pana, kwa sababu chumba cha watu sita kina mikono kumi na miwili. Mwenzako akisema, "Shosti, naomba losheni kidogo," mkamulie kiganjani. Kataa kwa upole vitu vitatu: taulo, wembe na dodoki. Hivyo hubeba fangasi, bakteria wa majipu na virusi vya sunzua kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Dodoki linalobaki bafuni halikauki kamwe. Vile vitambaa vya kanga vinafanya kazi yake na hukauka kwa saa chache kwenye kamba yenye jua.

Kuna tabia moja ya mwisho wa mwezi inayodhuru kimyakimya: kuongeza maji kwenye losheni au sabuni ya maji ili isogee. Dawa ya kuzuia vijidudu iliyomo imepimwa kwa ujazo wa awali. Ukiizimua, hasa kwa maji ya kisima, bakteria huota ndani ya siku chache na wewe unajipaka. Kata tyubu kwa mkasi, kwangua kilichobaki, kimalize ndani ya siku mbili tatu.

Wiki ya bomba kukauka

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili, chumba cha watu sita Chang'ombe, mwenye chunusi za mashavuni na madoa. Jumapili jioni maji yanatoka. Anajaza chupa tano na ndoo moja ya lita 20 yenye mfuniko. Jumatatu asubuhi simtanki limeisha, na fununu ni kwamba maji yatarudi Ijumaa usiku.

Uso wake hauna shida: chupa moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na vitambaa viwili kwa siku vinatimiza kumi. Ndoo ndiyo ya kugawa. Lita 20 kwa siku tano ni lita nne kwa siku za mwili, ile ambayo wanafunzi huiita kuoga pasipoti. Anachofanya ni kuweka sabuni mahali panapotoa harufu na kuvunda tu, yaani makwapa, kinena, chini ya matiti na nyayo. Mikono, mgongo na mapaja anavipangusa kwa kitambaa chenye maji matupu. Maji ya kusuuzia uso yaliyoanguka kwenye beseni yanaosha miguu iliyotoka barabarani. Vitambaa vilivyotumika anavitundika vikauke badala ya kuvirundika vikiwa vibichi kwenye kapu, maana kitambaa kibichi ndani ya kapu hunuka kesho yake na huota vijidudu.

Jumatano joto limezidi na mgongo unatoka harara. Anaacha kabisa kupaka losheni mgongoni, analala na fulana ya pamba iliyolegea, na dawa ya chunusi anaendelea nayo kama kawaida kwa sababu haitaki kusuuzwa. Alhamisi maji yakipungua kuliko alivyohesabu, anachoacha ni kupangusa asubuhi, si kusafisha jioni. Na ile siku ambayo hana kabisa maji ya kuondolea sanskrini jioni, avae kofia mchana badala ya kuipaka. Ijumaa bomba likirudi, aache maji yatiririke kwanza mpaka tope la mabomba liishe, ndipo ajaze chupa.

Ikienda mrama

Si kila kipele ni chunusi. Vipele vidogo vinavyolingana ukubwa, vinavyowasha, vilivyosambaa kwenye paji la uso, kifua na mgongo, visivyo na vichwa vyeusi, na vinavyozidi ukitoka jasho, mara nyingi ni fangasi wa kwenye vinyweleo. Dawa za chunusi hazivitoi, na mafuta ya nywele yanayoteremka kwenye paji huvilisha. Muwasho unaozidi usiku, kati ya vidole, viganjani na kiunoni, na wenzako wawili nao wanajikuna, ni upele. Hapo chumba kizima kitibiwe siku moja, pamoja na kufua shuka na nguo, la sivyo utazunguka kitanda hadi kitanda muhula mzima. Muwasho ukiendelea wiki mbili tatu baada ya dawa haina maana kwamba dawa imeshindwa. Chunusi kubwa zenye maumivu na zinazoacha mashimo zisisubiri: nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke au Mwananyamala, ulizia kliniki ya ngozi.

La mwisho ndilo zito. Njia fupi inayouzwa kwa jirani wa chumba cha pili ni losheni ya kupimiwa kwenye kikopo kisicho na lebo, au mkorogo. Inafaa nafasi ndogo, haitaki maji, na ndani ya siku chache madoa yanafifia kweli. Kinachofanya kazi humo mara nyingi ni steroidi kama klobetasoli au betamethasoni, haidrokwinoni, au zebaki. Usimamizi wa vipodozi tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na viambata hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi kwa sababu vinajulikana vinachofanya: ngozi kuwa nyembamba, mishipa kuonekana, michirizi isiyofutika, na kwa zebaki, kuharibika kwa figo. Dalili ya kutambua ni hii: uso unanawiri ndani ya siku tatu, ukiacha unawaka na kutoka vipele kuliko mwanzo, ukirudia unatulia. Uliyekwisha kuutumia miezi kadhaa, usijitibu kwa krimu nyingine. Chukua kikopo chenyewe uende nacho kwa daktari.

Kwa hiyo kabla bumu linalofuata halijaingia, fanya jambo moja: kusanya chupa tano, zijaze, uone kama zinakufikisha siku tano. Zikikufikisha, nunua vile vitu vinne na usiongeze cha tano mpaka wiki kumi na mbili zipite. Zisipokufikisha, tatizo lako la ngozi halimalizwi na duka la vipodozi. Ongeza chupa kwanza.